Hofu ya Mwezi Mmoja na Hofu ya Miezi Mitatu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Nimefundisha hisabati Sumbawanga maisha yangu yote, na mwalimu wa hisabati asiyeshuku majibu huishia kusahihisha sura za wanafunzi badala ya kazi zao. Nimewashuku wauza mbolea, makondakta wa basi la Namanyere, hata padri aliyetangaza michango mara mbili katika misa moja. Mke wangu alizoea kusema kwamba nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuonyeshwa risiti.

Huenda ndiyo sababu masista walinitaka kwenye kamati yao ya fedha. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila kitu kilikuwa ruksa. Mahindi ya Ufipa, ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa yalifuatwa shambani na watu wenye malori tusiowajua. Benki zilifunguliwa, simu za mkononi zikaingia, na karibu na soko kuu kukawa na kibanda cha intaneti chenye kompyuta nne, moja ikiwa mbovu siku zote. Neno uwekezaji lilisikika hata kwenye mahubiri.

Masista walikuwa na mfuko. Mmoja wao, Mzungu aliyeishi hapa miaka mingi na kuzikwa hapa, alirithi mali kwao Ulaya na kuacha wosia kwamba itunze nyumba ya masista wazee. Fedha ile ilibaki ng'ambo, ndani ya mfuko unaonunua hisa za kampuni kubwa za Marekani zote kwa pamoja. Kila baada ya miezi mitatu kipande kidogo kililetwa Sumbawanga. Kwa kipande hicho walilipwa wahudumu wawili waliowaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazee wasiojiweza.

Mmoja wa wazee hao alikuwa shangazi yangu. Baba alipofariki nikiwa mdogo, shangazi aliomba ruhusa kwa wakubwa wake nikae bwenini kwenye shule ya misheni alikofundisha. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kugawanya. Sasa alikuwa amepooza miguu, na mtu aliyepooza asipogeuzwa mara kadhaa kwa siku huota vidonda mgongoni. Kwa hiyo watu waliposema hisa, mimi sikuona kampuni za Marekani. Niliona mgongo wa shangazi.

Mhazini wa shirika alikuwa sista kijana, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano, mtoto wa wakulima wa ulezi. Alipelekwa kusoma mambo ya fedha nje ya nchi, akarudi na miwani na sauti ya chini. Katika kikao changu cha kwanza alituambia kwamba hatupaswi kuacha fedha ya wazee kwenye hisa bila mlango wa kutokea. Akaleta kanuni.

Alieleza hivi. Huko Marekani watu wanaoogopa hisa zao zitayumba hununua kinga, kama bima. Bei ya kinga hiyo hukokotolewa kuwa kipimo: soko linatarajia mtikisiko kiasi gani katika siku thelathini zijazo. Kipo pia kipimo cha pili cha namna hiyo hiyo, cha miezi mitatu ijayo. Siku za kawaida kipimo cha miezi mitatu huwa juu kuliko cha mwezi mmoja, maana kadiri unavyotazama mbali ndivyo mengi yasiyojulikana yanavyokuwapo. Ukigawa cha mwezi mmoja kwa cha miezi mitatu unapata chini ya moja. Lakini watu wakishikwa na hofu ya leo, kinga ya karibu hupanda kuliko ya mbali, na jibu huvuka moja. Kanuni yake ilikuwa kwamba jibu likifunga juu ya moja siku tatu za soko mfululizo, tunauza nusu ya hisa na kuziweka fedha kwenye dhamana za serikali za muda mfupi. Likifunga chini ya moja siku tano mfululizo, tunarudi.

Niliuliza kama hiyo si ramli. Mji wetu una jina baya kwa mambo hayo hata bila sisi kuongeza. Wajumbe walicheka, yeye hakucheka. Alisema kanuni haitabiri kitu. Mara nyingi italia wakati hisa zimeshaanza kushuka, na mara nyingine italia bure, tutauza chini na kununua juu, na hiyo ndiyo gharama yake. Faida yake huonekana tu pale anguko linapokuwa refu.

Mama Mkuu alikuwa hajaelewa, basi sista akatumia mahindi. Mwezi wa pili, akasema, debe la leo ni ghali kuliko debe la kuahidiwa mwezi wa saba, kwa sababu njaa iko hapa na mavuno yako kule. Ukiona hivyo unajua watu wamebanwa sasa hivi. Halafu akaongeza jambo ambalo nililiandika kwenye daftari bila kulitilia maanani.

"Lakini mahindi yana mwezi wa mavuno tunaoujua. Hofu haina mwezi wa mavuno. Msiingoje."

Kanuni ikapitishwa. Mwaka uliofuata ililia mara mbili, na mara zote mbili bure. Tuliuza nusu, hisa zikapanda, tukarudi tukinunua kwa bei ya juu. Dalili ya mvua ni mawingu, nilimtania kikaoni, lakini mawingu ya Sista hayajawahi kulowesha mtu. Alitabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nimeacha kutania moyoni. Kila tunapouza na kununua kuna mtu ng'ambo anayekata ada yake, na nilianza kujiuliza mtu huyo anajuana na nani.

Nikaanza kumchunguza. Kila asubuhi kabla ya vipindi nilipita kwenye kibanda cha intaneti, nikanakili vipimo viwili vya soko lililofungwa usiku wetu, nikagawa, nikaandika. Nilifanya hivyo miezi kadhaa bila kumwambia. Na nikamkamata, au nilidhani hivyo. Siku aliyouza mara ya pili, kwenye daftari langu jibu la siku ya tatu lilikuwa chini ya moja. Mwezi mmoja, ishirini na nne. Miezi mitatu, ishirini na tano. Hakukuwa na siku tatu mfululizo. Alikuwa ameuza bila kanuni.

Nilimwomba tukutane kibandani, nikamwekea daftari mbele ya kompyuta, nikangoja kama hakimu. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Alisoma safu zangu polepole, kidole kikishuka, kisha akafungua ukurasa niliokuwa nikinakili na kunionyesha maandishi madogo chini ya jedwali la pili. Jedwali lile lilichelewa siku moja. Kila asubuhi nilikuwa nachukua hofu ya karibu ya jana na kuigawa kwa hofu ya mbali ya juzi. Siku ile hofu zote mbili zilikuwa zimeshuka. Kipimo cha miezi mitatu cha siku yenyewe kilikuwa ishirini na tatu na nusu, si ishirini na tano. Ishirini na nne kwa ishirini na tatu na nusu ni juu ya moja. Alikuwa sahihi, na miezi yote ile mimi nilikuwa nalinganisha siku mbili tofauti.

Mwanafunzi angenifanyia kosa kama hilo, ningemsimamisha mbele ya darasa. Yeye alinirudishia daftari na kusema ni vizuri kuwa na jicho la pili, na kwamba kuanzia hapo angependa niendelee kuandika, ila kwa jedwali sahihi. Kila wiki tukawa tunakaa mbele ya kompyuta ile, tunalinganisha majibu. Aliniamini. Hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenikasirikia, maana sikuelewa anataka nini kwangu.

Kabla ya mvua za kwanza masista huingia mafungo. Siku nane hawasemi na mtu, hawapokei simu, hawasomi barua. Mwaka ule hofu ilikuwa imeanza kupanda huko Marekani, na siku mbili kabla ya mafungo sista aliniita ofisini. Alinipa barua ya kuuza nusu ya hisa, imeandikwa yote, ina sahihi yake na muhuri wa shirika. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu. Akasema kama kanuni itatimia akiwa kimya, nijaze tarehe na kuituma kwa faksi asubuhi hiyo hiyo, ili iwahi kabla soko lao halijafunga. Nilimuuliza kwa nini asimwachie Mama Mkuu. Alisema Mama Mkuu naye anaingia mafungo, na hata asingeingia, asingejua kugawa.

Nilitoka na barua ile mfukoni nikiwaza vibaya. Sahihi ni yake lakini tarehe itakuwa kwa mwandiko wangu. Kanuni ikilia bure mara ya tatu, itasemwa yeye alikuwa kanisani akisali, na mwalimu ndiye aliyeuza. Lisemwalo lipo, na mjini lilishaanza kusemwa kwamba masista wanachezea kamari fedha ya wazee. Niliona ameniachia mzigo mchafu akaenda kunawa mikono.

Jumatatu jibu lilifunga juu ya moja. Jumanne likafunga juu zaidi. Jumatano pia. Alhamisi asubuhi nilikuwa kibandani na tarakimu tatu mbele yangu, nimezihakiki kwa jedwali sahihi, mara mbili. Kanuni ilikuwa imetimia. Kilichobaki ni kuandika tarehe na kuvuka barabara hadi kwenye faksi.

Sikuvuka. Nilijiambia mwenda pole hajikwai. Nilijiambia pia, na hapa ndipo akili ya mtu wa Ufipa iliponiangusha, kwamba vitu hivi hurudi mahali pake. Tangu utoto nimeona debe likipanda mwezi wa pili na kushuka mwezi wa saba, hakuna mwaka lilioshindwa kushuka. Aliyeuza ng'ombe kwa hofu mwezi wa pili alilia mwezi wa saba. Ijumaa asubuhi jibu lilikuwa limepungua, kutoka moja nukta kumi na tano hadi moja nukta sifuri nane. Bado lilikuwa juu ya moja, lakini mimi nilichoona ni kwamba linashuka. Mavuno yanakuja, nikasema.

Ijumaa alasiri, hata hivyo, miguu ilinipeleka kwa masista. Sista wa mlangoni, ambaye hushika zamu bila mafungo, aliniuliza kama kuna dharura, maana kwa dharura mtu anaweza kuandika neno moja kwenye karatasi na likapelekwa. Nikasema hapana, nimepita kumwona shangazi. Njiani kuelekea nyumba ya wazee nilipita ua wa bustani, na mhazini alikuwa mle, amechuchumaa kwenye tuta la vitunguu, anang'oa magugu. Aliinua kichwa. Hakuweza kuniuliza, lakini alinitazama moja kwa moja, na miwani yake ikabaki kwangu kwa muda ambao ungetosha kabisa. Ningeinua vidole vitatu, angeelewa. Ningetikisa kichwa, angeelewa pia.

Nilimwamkia kwa kuinamisha kichwa, nikapita. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilikaa na shangazi nusu saa, nikamsimulia habari za shule.

Jumamosi na Jumapili soko lao hufungwa. Jumatatu asubuhi nilikuta kwamba Ijumaa hofu ya karibu ilikuwa imeruka tena, lakini nilikuwa nimeshajifunga kusubiri, na mtu aliyekwisha kuchelewa huona aibu kufanya jambo sahihi akiwa amechelewa. Usiku wa Jumatatu hisa zilianguka vibaya. Jumanne asubuhi niliandika tarehe, nikatuma faksi. Saa chache baadaye kengele ililia, na masista wakatoka kwenye mafungo.

Lazima niwe mkweli kwa kanuni yake. Hata ningetuma Alhamisi tungepoteza, kwa sababu hisa zilikuwa zimeshaanza kushuka na nusu nyingine ingebaki palepale. Lakini nilipiga hesabu ya siku zile nilizokaa na barua mfukoni, na nilichopoteza kwa kukaa nayo kilikaribia sana ujira wa wahudumu wale wawili kwa muda mrefu. Safari hii hofu haikurudi haraka. Majuma yalipita jibu likiwa juu ya moja. Anguko alilolisubiri sista kwa miaka lilikuwa limefika, na mlango alioujenga nilikuwa nimeuegemea mimi.

Baraza la shirika liliitwa, na kamati yetu pia. Mama Mkuu alikuwa na nakala ya faksi, na faksi hujiandika tarehe yake yenyewe juu. Aliuliza kwa nini kanuni ilitimia Jumatano lakini barua ikatumwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Nilikaa upande wa pili wa meza. Mhazini alisimama na kusema, "Kanuni niliileta mimi, na barua ina sahihi yangu. Sikuteua mtu rasmi wa kuituma. Kosa ni langu." Hakunitazama. Nilifungua mdomo, nikaufunga, na kikao kikaenda kwenye jambo lingine.

Nilistahimili wiki moja. Kisha nikaenda kwa Mama Mkuu peke yangu, nikamweleza yote: Alhamisi, Ijumaa, bustani, barua mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika rozari. Nilitegemea ghadhabu, ningeifurahia. Badala yake alinitazama kwa huruma ya namna ambayo sikuipenda.

"Mwalimu, una moyo mzuri," akasema. "Lakini kama ni kweli, mbona hukusema siku ile? Na kwa nini uje peke yako leo kumwokoa?"

Polepole nikaelewa. Mjini watu walikuwa wametuona kila wiki tumekaa mbele ya kompyuta moja, vichwa vimekaribiana. Habari hizo zilikuwa zimemfikia Mama Mkuu, na hakuziamini, mpaka mimi nilipokuja kujitwisha kosa la sista. Nikaapa kwamba ni kosa langu. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuona alichokwisha kukiona. Nilikuwa nimeuchelewesha ukweli wangu kama nilivyoichelewesha barua, na siku hiyo nilishukiwa na mtu aliyekuwa na sababu nzuri kuliko zangu zote.

Wiki hiyo hiyo mhazini alihamishiwa zahanati ya Muze, kule chini bondeni, kuandika kadi za wagonjwa. Sikuruhusiwa kumuaga. Kanuni ilifutwa, hisa zilizobaki zikaachwa zilivyo, na wahudumu wakaagwa kwa soda na kitenge kila mmoja.

Tangu hapo zamu ya kumgeuza shangazi alasiri ikawa yangu. Si kazi rahisi. Unatia mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unavuta bila kuburuza ngozi. Siku za mwanzo nilimuumiza. Siku moja aliniambia kwamba namgeuza kama mtu anayetafuta kilichofichwa chini yake. Yule sista wa miwani, akasema, alikuwa akija Jumapili wahudumu wanapopumzika, na alimgeuza tu.

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa akija. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza shangazi kila kitu, tangu daftari langu la kwanza hadi kwa Mama Mkuu, na yeye peke yake kati ya wote aliniamini mara moja. Hakunilaumu.

"Hiyo barua," akauliza, "ilikuwa na sahihi tayari?"

Nikasema ndiyo.

"Na tarehe akakuachia wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nimekulea," shangazi akasema, "na mimi nisingekuachia."